Kuandaa PDF ya jalada la kitabu kwa ajili ya matbaa: blidi, alama za kukatia na rangi za CMYK

Fundi wa gilotini hakati jalada moja moja. Anapanga rundo la karatasi mamia kwa pamoja, analibana, kisha anashusha kisu mara moja. Karatasi za juu na za chini ya rundo hazikatiki mahali pamoja kabisa, na rundo lenyewe linaweza kusogea nusu milimita au hata milimita nzima. Kama rangi ya jalada lako inaishia pale pale panapotakiwa kukatwa, baadhi ya nakala zitatoka na ukingo mweupe mwembamba kama uzi. Hakuna fundi anayeweza kuuondoa ukingo huo kazi ikishachapwa. Dawa yake inawekwa kwenye faili, kabla pleti za kuchapia, moja kwa kila wino, hazijatengenezwa.

Tutatumia mfano mmoja hadi mwisho: jalada laini la kitabu cha A5 chenye kurasa 160, linalochapwa kwa ofseti kwenye kadi ya ati, ile yenye uso laini uliopakwa, ya gramu 300 na kubandikwa kwa gundi mgongoni. Programu ni InDesign, maana ndiyo inayotumika sana kwa kazi za vitabu, lakini vipimo na sababu zake ni zile zile hata ukitumia Scribus, CorelDRAW au Illustrator.

Piga hesabu ya upana kabla ya kufungua programu

Jalada la kitabu ni kipande kimoja chenye sehemu tatu: jalada la nyuma, mgongo, na jalada la mbele. A5 ni milimita 148 kwa 210. Kilichobaki kujulikana ni unene wa mgongo, na huo unatokana na karatasi za ndani. Kurasa 160 ni karatasi 80, kwa kuwa kila karatasi ina kurasa mbili. Bondi ya gramu 80 ina unene unaokaribia milimita 0.1, kwa hiyo 80 mara 0.1 ni milimita 8.

Hesabu hii ni ya kuanzia tu. Karatasi mbili zenye gramu sawa zinaweza kutofautiana unene kwa sababu moja imebanwa zaidi kiwandani. Waombe matbaa wakupe unene wa karatasi watakayoitumia hasa, au wakukunjie kitabu kitupu chenye karatasi 80 ukipime kwa rula. Wakibadilisha karatasi katikati ya safari, tuseme kutoka gramu 80 kwenda 70, mgongo unapungua na faili ya jalada inabidi itengenezwe upya.

Kwa mgongo wa milimita 8, upana wa jalada baada ya kukatwa ni 148 + 8 + 148, yaani milimita 304. Urefu ni 210. Hicho ndicho kipimo cha ukurasa wako. Blidi, yaani ile rangi ya ziada inayotoka nje ya mstari wa kukatia, ni milimita 3 kila upande, kwa hiyo eneo lote lenye rangi litakuwa 310 kwa 216.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanafungua ukurasa wa 310 kwa 216, wanachora mistari ya kukatia kwa mkono, halafu wanadhani kazi imekwisha. Faili ya namna hiyo inaiambia mashine kwamba kitabu kina upana wa milimita 310. Programu ya matbaa inayopanga majalada kwenye karatasi kubwa haisomi mistari uliyoichora, inasoma vipimo vilivyofichwa ndani ya PDF. Ukurasa uwe kipimo halisi cha kitu kilichokatwa, na blidi iandikwe mahali pake.

Kufungua faili

Nenda `File > New > Document`. Ondoa tiki kwenye `Facing Pages`. Weka `Width` 304 mm na `Height` 210 mm. Fungua sehemu ya `Bleed and Slug` uandike 3 mm juu, chini, kushoto na kulia. Ukiingia kwenye ukurasa utaona mstari mwekundu umeuzunguka: hapo ndipo mandhari ya nyuma inapotakiwa kufika.

Vuta mistari miwili ya mwongozo ya wima, mmoja kwenye milimita 148 na mwingine kwenye 156. Katikati yake ni mgongo. Kushoto ni jalada la nyuma, kulia ni la mbele. Kisha weka mistari mingine milimita 5 ndani ya kila ukingo, na usiweke herufi wala nembo nje ya mistari hiyo. Kisu kinachoweza kutoka nje kwa milimita moja kinaweza pia kuingia ndani kwa milimita moja, na jina la mwandishi lililobanwa ukingoni litaonekana limekatwa hata kama halijaguswa.

Mgongo una tabia yake. Kitabu kinapobandikwa, mkunjo unaweza kuhama kidogo kulia au kushoto. Ukiupa mgongo rangi nyekundu na jalada la mbele rangi nyeupe, na mpaka wao ukawa kwenye mkunjo hasa, utepe mwembamba mwekundu utajitokeza mbele katika nakala kadhaa. Ni salama zaidi rangi ya mgongo iendelee bila kukatika hadi kwenye majalada. Maandishi ya mgongo nayo yaache angalau milimita 1.5 kila upande, kwa hiyo kwenye mgongo wa milimita 8 herufi zisizidi kimo cha milimita 5.

Sasa vuta mandhari ya rangi hadi mstari mwekundu pande zote nne. Picha nazo vivyo hivyo. Kama picha inaishia kwenye mstari wa kukatia, vuta fremu yake, usiivute picha yenyewe upande mmoja, maana nyuso za watu zitapanuka. Na kama picha haina kitu cha ziada nje ya kilichokwisha kuonekana, ikuze kidogo kwa uwiano wake. Ndiyo maana mpiga picha anapaswa kuambiwa mapema aache nafasi kuzunguka mtu.

Picha zina pikseli za kutosha?

Picha inayojaza jalada la mbele, kuanzia ukingo wa mgongo hadi mwisho wa blidi, ina upana wa milimita 151 na urefu wa 216. Kwa pikseli 300 kwa kila inchi, inahitaji takriban pikseli 1783 kwa 2551. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida imeshapunguzwa njiani. Ikifika na pikseli 1200 kwa 1600, ukiinyoosha kwenye jalada hili inabaki na pikseli 188 tu kwa inchi, na kope na nywele zitaonekana zimelainika kama zimepakwa mafuta. Mwombe mwenye picha aitume tena kama hati, au kwa barua pepe.

Usihangaike kuandika 300 kwenye Photoshop kwa picha ndogo. Programu itabuni pikseli mpya kutoka kwa zile zilizopo, na picha haitapata undani wowote ambao haukuwepo. Kwenye InDesign bofya picha, fungua paneli ya `Links`, usome `Effective PPI`. Hiyo ndiyo namba ya kweli, kwa sababu inahesabu na kiasi ulichoikuza. 300 ni nzuri, 250 inakubalika, chini ya 200 ubovu utaonekana.

Rangi: geuza mara moja, na kwa wasifu sahihi

Skrini inatoa mwanga wa nyekundu, kijani na bluu, yaani RGB. Karatasi haitoi mwanga, inaurudisha tu kupitia wino nne za CMYK: sayani, majenta, njano na nyeusi. Kuna rangi za skrini ambazo wino hizi haziwezi kuzifikia kabisa. Kijani cha kung'aa kama cha fulana ya usalama barabarani kitapoa. Bluu kali ya skrini, ile ya `0, 0, 255`, huelekea zambarau, kwa sababu mchanganyiko unaochaguliwa na programu huwa na majenta nyingi mno. Ukitaka bluu ibaki bluu kwenye karatasi, hakikisha majenta iko nyuma ya sayani kwa asilimia 30 hivi. Kwenye jalada letu mandhari ni bluu ya usiku: sayani 100, majenta 70, njano 10, nyeusi 40.

Jumlisha namba hizo: 220. Jumla hiyo ina maana kubwa kwa fundi wa mashine. Ni kiasi cha wino kinacholundikana mahali pamoja, na kikizidi mpaka, wino haukauki kwa wakati, karatasi zinagandana kwenye rundo na jalada moja linaacha doa mgongoni mwa lingine. Kwa karatasi ya ati matbaa nyingi huweka mpaka wa 300, kwa bondi mpaka ni wa chini zaidi. Waulize wao.

Waulize pia wasifu wa rangi wanaoutumia. Kwa karatasi ya ati utasikia majina kama `Coated FOGRA39` au `PSO Coated v3`. Kwa bondi kuna `PSO Uncoated v3`. Wasifu ni maelezo ya jinsi wino unavyotokea kwenye karatasi fulani. Ukiuacha wa kiwandani, programu zilizofungwa kwa mpangilio wa Amerika Kaskazini zitatumia `U.S. Web Coated (SWOP) v2`, ambao ulitengenezwa kwa mashine za roli zinazochapa magazeti ya ati. Hautaharibu kila kitu, ila rangi za ngozi na kijivu zinaweza kutoka tofauti na ulivyotarajia.

Kosa kubwa ni kugeuza mara mbili: picha inageuzwa CMYK kwa wasifu mmoja ndani ya Photoshop, halafu InDesign inaigeuza tena kwa wasifu mwingine. Kila mgeuzo unapoteza kitu. Acha picha zikiwa RGB ndani ya InDesign na uzigeuze zote kwa pamoja unapotoa PDF. Rangi za mandhari na maandishi, zitengeneze CMYK tangu mwanzo kwenye paneli ya `Swatches`.

Nyeusi ya maandishi

Kipengele hiki kinastahili muda wake kwa sababu ndicho kinachoharibu maandishi madogo ya jalada la nyuma. Nyeusi ya skrini, yaani `0, 0, 0`, ikigeuzwa kwa ule wasifu wa SWOP inakuwa sayani 75, majenta 68, njano 67 na nyeusi 90. Herufi moja ya pointi 9 sasa inachapwa na pleti nne. Pleti moja ikisogea hata sehemu ya kumi ya milimita, kila herufi inapata kivuli cha rangi ubavuni, na msomaji anahisi macho yake yana ukungu. Maandishi meusi yote yawe nyeusi 100 na wino nyingine sifuri. Kwenye InDesign hiyo ndiyo `[Black]`. Usiichanganye na `[Registration]`, ambayo inaweka asilimia 100 ya kila wino; hiyo ni ya alama za mafundi tu.

Eneo kubwa jeusi ni habari nyingine. Nyeusi 100 peke yake kwenye eneo pana hutoka kama kijivu cha mkaa. Hapo ongeza wino nyingine chini yake, kwa mfano sayani 60, majenta 40, njano 40, nyeusi 100, jumla 240.

Msimbopau wa ISBN uwe nyeusi 100 juu ya kisanduku cheupe, usiwe juu ya bluu, maana mashine ya dukani inasoma tofauti ya giza na mwanga.

Jambo la mwisho hapa: herufi nyeupe. Ikitokea kitu cheupe kimewekewa `Overprint Fill`, kwa kawaida kwa sababu kilikuwa cheusi kabla hakijabadilishwa rangi, kitatoweka kabisa kwenye uchapaji. Nyeupe si wino, ni karatasi iliyoachwa wazi, na ukisema ichapwe juu ya bluu unapata bluu. Washa `View > Overprint Preview` uone kama kichwa cha kitabu bado kipo.

Kutoa PDF

`File > Export`, chagua `Adobe PDF (Print)`. Kwenye `Adobe PDF Preset` chagua `[PDF/X-1a:2001]` kama matbaa haikusema vinginevyo. Kiwango hiki hakiruhusu RGB na kinabapisha kuwa tabaka moja sehemu zote zenye uwazi, yaani zinazoonyesha kilicho chini yake, kwa hiyo mashine za zamani haziigombi. Kama matbaa inataka `[PDF/X-4:2008]`, wape hiyo. Inahifadhi uwazi na ni bora kwa mitambo mipya. Ukitumia X-1a unaweza kuona mistari myembamba myeupe kwenye skrini mahali penye vivuli. Kuza ukurasa: kama unene wa mstari haubadiliki unapokuza, ni skrini tu, haitachapwa.

Kwenye ukurasa wa `Marks and Bleeds` tia tiki `Crop Marks` na `Use Document Bleed Settings`. Tiki hii ya pili ndiyo inayosahaulika, na bila hiyo blidi yote uliyoivuta inakatwa kimya kimya. Halafu angalia `Offset`, yaani umbali wa alama kutoka mstari wa kukatia. InDesign inaanza na milimita 2.117, na blidi yako ni 3. Maana yake alama za kukatia zinaanzia ndani ya blidi, na kisu kikisogea sana, kijistari cheusi kitabaki kwenye kona ya jalada. Andika 3.5 mm.

Baadhi ya matbaa hawataki alama zako kabisa, kwa kuwa programu yao ya kupanga inaweka za kwao. Waheshimu. Blidi, hata hivyo, wanaitaka daima.

Kwenye `Output`, `Color Conversion` iwe `Convert to Destination (Preserve Numbers)` na `Destination` iwe ule wasifu uliopewa. Yale maneno ya `Preserve Numbers` ndiyo yanayolinda nyeusi 100 yako isigeuzwe kuwa mchanganyiko wa wino nne.

Kwa anayetumia Canva: washa `Show print bleed`, vuta mandhari hadi nje, kisha pakua kama `PDF Print` ukiwa umetia tiki `Crop marks and bleed`. Rangi za CMYK zinapatikana kwa wanaolipia tu, kwa hiyo wa bure wawaambie matbaa wazi kwamba faili ni RGB ili wageuze wao na kuwaonyesha sampuli.

Kukagua faili

Usikague kwa macho peke yake, maana PDF isiyo na blidi inaonekana nzuri kabisa kwenye skrini. Mwenye Acrobat Pro ana `Output Preview`. Asiye nayo anaweza kusakinisha programu za Poppler na Ghostscript bure, kisha aandike amri hizi:

```
pdfinfo -box jalada.pdf
pdffonts jalada.pdf
pdfimages -list jalada.pdf
```

Amri ya kwanza inatoa mistari ya `TrimBox` na `BleedBox`, kila mmoja na namba nne kwa pointi. Toa namba ya kwanza kwenye ya tatu upate upana. Kwa `TrimBox` ya jalada letu tarajia 861.73, ambayo ni milimita 304, na kwa `BleedBox` 878.74, ambayo ni 310. Namba ya kwanza ya `BleedBox` iwe ndogo kuliko ya `TrimBox` kwa 8.50, ndizo milimita 3. Visanduku vyote viwili vikiwa sawasawa, blidi haimo: rudi kwenye ile tiki.

Amri ya pili, angalia safu ya `emb`: kila fonti iwe `yes`. Ya tatu, angalia safu ya `comp`: 4 ni CMYK, 1 ni kijivu, 3 ni RGB iliyoponyoka.

Kisha tenganisha wino, kama pleti zitakavyotenganishwa:

```
gs -o jalada-%d.tif -sDEVICE=tiffsep -r150 jalada.pdf
```

Utapata picha ya kila wino peke yake. Fungua ile yenye jina `Cyan` na utazame maelezo yaliyo kwenye jalada la nyuma. Kama yamewekwa juu ya kisanduku cheupe, hapo pasionekane herufi hata moja, na msimbopau pia usiwepo. Ukiziona, maandishi hayo yana sayani ndani yake. Fungua ya `Black`: hapo ndipo yanapotakiwa kuwa, makali na meusi tii.

Mwisho chapa kwenye karatasi ya A3 kwa kipimo cha asilimia 100, bila kuruhusu printa ipunguze ukurasa ili uenee. Pima kwa rula umbali kati ya alama za kukatia: 304 kwa 210. Kata kwa wembe kufuata alama, kunja kwenye 148 na 156, kisha livishe kile kitabu kitupu ulichopewa na matbaa. Jina la mgongoni likikaa katikati na kingo zikilingana na karatasi, tuma faili pamoja na maelezo haya mafupi: kipimo baada ya kukatwa, unene wa mgongo, blidi, wasifu wa rangi, na karatasi. Usianze kazi ya nakala zote kabla hujaona na kusaini sampuli ya rangi kutoka kwao.